Timu Yako Inahitaji Pointi Ngapi? Namna ya Kupiga Hesabu Hadi Mwisho

Tarehe 8 Oktoba 2011, Uwanja wa Mbombela mjini Nelspruit, Afrika Kusini ilitoka sare ya 0-0 na Sierra Leone katika mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012. Dakika za mwisho wenyeji walikuwa wanavuta muda, hawataki hata kushambulia. Kipenga kilipolia wakazunguka uwanja wakicheza na kupungia mashabiki. Wote waliamini wamefuzu. Baadaye ndipo habari ilipowafikia kwamba aliyefuzu ni Niger, ambaye jioni hiyohiyo alikuwa amepigwa 3-0 na Misri.

Hawakukosea kujumlisha, kwa sababu pointi zao tisa zilikuwa tisa kweli. Walichokosea ni kutumia kanuni isiyokuwa ya mashindano yale, na kosa hilo nimeliona likirudiwa kwenye vibanda umiza na redioni kila msimu unapofika ukingoni. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo, kabla hatujagusa namba yoyote.

Hatua ya kwanza: jua timu zikilingana pointi nani anakaa juu

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni tofauti ya magoli ya mechi zote. Ligi Kuu ya Tanzania Bara inatumia hiyo. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja, na Azam ikashika nafasi ya pili kwa magoli. Nafasi hiyo ndiyo iliyoipeleka Ligi ya Mabingwa Afrika, na Simba ikaenda Kombe la Shirikisho. Ligi Kuu ya England nayo inaanza na tofauti ya magoli.

Njia ya pili ni kuangalia kwanza mechi ambazo timu zilizolingana zilicheza zenyewe kwa zenyewe. Mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, yanafuata njia hii. Afrika Kusini walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya magoli katika kundi lao: walifunga manne, wakafungwa mawili. Niger walifunga sita na kufungwa nane. Kwa kanuni ya Ligi Kuu Bara, Afrika Kusini angefuzu bila ubishi, lakini hiyo haikuwa kanuni ya siku ile.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Timu tatu zilimaliza na pointi 9: Niger, Afrika Kusini na Sierra Leone. Misri alikuwa na 5. Zikilingana timu tatu, unatengeneza msimamo mdogo wa hizo tatu tu na kuitupa nje mechi yoyote iliyomhusu Misri. Niger alimfunga Afrika Kusini 2-1 kwao na kufungwa 2-0 ugenini. Alimfunga Sierra Leone 3-1, akafungwa naye 1-0. Ameshinda mbili na kupoteza mbili, kwa hiyo ana pointi 6. Afrika Kusini ana ushindi mmoja na kipigo kimoja dhidi ya Niger, pamoja na sare mbili za 0-0 na Sierra Leone. Jumla 5. Sierra Leone naye 5. Niger anakaa juu.

Sasa angalia hapa. Kama Niger na Afrika Kusini wangelingana wawili tu, Afrika Kusini angekaa juu, kwa sababu mechi zao mbili zilitoa mabao 3-2 upande wake. Aliyewaharibia ni yule wa tatu. Sare ile ya Mbombela iliwapa wao pointi ya tisa, na papo hapo ikampa Sierra Leone pointi ya tisa, akaingia kwenye msimamo mdogo na kuubadilisha wote. Ushindi ungewafikisha 11 na kumaliza mjadala. Kwa hiyo unapopiga hesabu za kundi la CAF usiishie kuuliza tukilingana na fulani inakuwaje. Uliza pia kama kuna wa tatu anayeweza kulingana nasi kwa matokeo hayohayo.

Hatua ya pili: andika kilele cha kila timu

Kilele ni pointi ambazo timu itakuwa nazo ikishinda kila mechi iliyobaki. Chukua pointi zake za sasa, jumlisha mechi zilizobaki mara tatu. Basi.

Umakini unahitajika kwenye mechi zilizobaki. Usichukue namba ya raundi na kuwapa wote sawa. Ligi zetu zina viporo vingi, hasa timu zikiwa kwenye mashindano ya Afrika, na kiporo kimoja ni pointi tatu za kilele. Hesabu mechi za kila timu peke yake kutoka kwenye ratiba, na hakikisha hakuna adhabu ya kukatwa pointi inayosubiri rufaa. Everton walikatwa pointi 10 msimu wa 2023/24, rufaa ikazishusha hadi 6, kisha wakakatwa nyingine 2. Aliyefanya hesabu za kushuka daraja msimu ule ilimbidi azifute na kuzianza upya mara tatu.

Hatua ya tatu: tafuta namba ya uhakika

Namba ya uhakika ni pointi unazohitaji ili mpinzani wako asiweze tena kukufikia hata akishinda zote. Hesabu yake ni hii:

```
N = P2 + 3*M2 - P1 + 1
```

P1 ni pointi zako, P2 ni pointi za mpinzani, M2 ni mechi zilizombakia. Ile moja ya mwisho ni ya kumpita. Kama una uhakika kwamba mkilingana wewe ndiye utakayekaa juu, iondoe.

Mfano ninaoupenda ni Leicester wa 2016. Mei mosi walitoka sare ya 1-1 na Manchester United wakafika pointi 77. Tottenham walikuwa na 69 na mechi tatu mkononi, kilele chao 78. Tottenham pia walikuwa mbele kwa tofauti ya magoli, hivyo Leicester hawakuweza kutegemea kulingana. Weka kwenye fomula: 69 + 9 - 77 + 1, unapata 2. Leicester wanahitaji pointi mbili.

Uzuri wa namba hii ni kwamba inashuka kwa njia mbili. Kila pointi unayoipata inaipunguza, na kila pointi anayoidondosha mpinzani inaipunguza vilevile. Kesho yake, Mei 2, Tottenham walikwenda kwa Chelsea, wakaongoza 2-0, kisha Eden Hazard akasawazisha na mechi ikaisha 2-2. Sare inadondosha pointi mbili kati ya tatu. Namba ya Leicester ilikuwa 2, ikawa 0. Wakawa mabingwa bila kugusa mpira siku hiyo, na mechi mbili zikiwa bado.

Angalia na jambo moja dogo linalosumbua: si kila namba inawezekana. Ukiwa na mechi mbili unaweza kupata pointi 0, 1, 2, 3, 4 au 6. Tano haipo. Kwa mechi tatu, nane haipo. Fomula ikikwambia unahitaji 5 na zimebaki mechi mbili, maana yake halisi ni kwamba shinda zote au subiri wengine wadondoshe.

Hatua ya nne: wanaokufukuza wakikutana wao kwa wao

Hapa ndipo hesabu za kushuka daraja zinapoharibika. Ukiandika vilele vya wapinzani wako wote na kuvichukulia kana kwamba vyote vinaweza kutokea pamoja, utajipa mzigo mkubwa kuliko uliopo. Wawili wakicheza wenyewe hawawezi kushinda wote.

Nitatumia timu za kubuni ili namba zionekane vizuri. Ligi ina timu 16, zinashuka moja kwa moja ya 15 na ya 16, kama ilivyo Bara ambako ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mechi za mchujo. Hapa tunatafuta kukwepa kushuka moja kwa moja tu. Zimebaki mechi mbili. Timu ya mkiani imeshashuka tayari. Nafasi moja ya kushuka iliyobaki iko kati ya timu tatu: sisi tuna pointi 30, timu ya B ina 28, timu ya C ina 27. Wengine wote wako juu, hawafikiwi.

Ili tusishuke tunahitaji mmoja tu kati ya B na C abaki chini yetu. Kilele cha B ni 34, cha C ni 33. Mtu wa haraka atasema: mpite C kwenye kilele chake, yaani fika 34, kwa hiyo tunahitaji pointi 4, ushindi na sare. Kwa akili hiyo kocha atatoka kwenda kushambulia ugenini na pengine kupigwa.

Lakini ratiba inaonyesha B na C wanakutana. Pitia matokeo matatu ya mechi hiyo moja baada ya jingine.

B akishinda, C amebakiwa na mechi moja tu, hawezi kuzidi 30. C akishinda, B hawezi kuzidi 31. Wakitoka sare, B anaishia 32 na C 31. Kwa kila tokeo chukua yule wa chini kati ya wawili hao: 30, 31, 31. Hakuna namna yoyote ambayo wote wawili watafika 32. Kwa hiyo pointi 32 zinatuokoa kabisa, na tuna 30 tayari. Tunahitaji 2, si 4. Sare mbili zinatosha. Pointi moja tu itatufikisha 31, na hapo itabidi tuwe na magoli mazuri kuliko yule atakayelingana nasi.

Kocha aliyeambiwa anahitaji pointi 4 na kocha aliyeambiwa sare mbili zinatosha hawapangi kikosi kimoja. Ndiyo maana nasisitiza kuipitia ratiba ya wapinzani mechi kwa mechi kabla ya kutangaza namba.

Mechi za namna hii zikiwa mbili au tatu, karatasi inatosha: kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo mechi mbili zina mchanganyiko 9, na tatu zina 27. Zikifika sita ni 729, hapo tafuta kompyuta. Ligi nzima ikiwa na raundi nyingi mbele, hata kompyuta inapata shida. Zamani ushindi ulipokuwa pointi mbili, kila mechi iligawa pointi mbili bila kujali matokeo, na kuna njia ya haraka ya kujua nani bado ana nafasi. Pointi tatu zimeiharibu hesabu hiyo, kwa sababu mechi yenye mshindi inagawa tatu na sare inagawa mbili. Kwa hiyo usijisumbue mwezi Januari. Anza raundi tatu au nne kabla ya mwisho.

Hatua ya tano: panga matokeo yote, ya mechi yako kwanza

Sasa tuunganishe yote kwa mechi ambayo wengi wetu tunaikumbuka. Ligi ya Mabingwa Afrika 2023/24, Kundi D, timu mbili za juu zinakwenda robo fainali. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 2024 Al Ahly ana pointi 9, Yanga 5, Belouizdad 5, Medeama 4. Al Ahly na Medeama wamebakiwa na mechi moja moja. Yanga anamkaribisha Belouizdad Uwanja wa Benjamin Mkapa, kisha anamaliza Cairo kwa Al Ahly. Belouizdad anamaliza kwao dhidi ya Medeama. Na kuna deni: mechi ya kwanza kule Algeria, Belouizdad alishinda 3-0.

Kanuni tunaijua, wao kwa wao kwanza. Deni la mabao matatu ndilo litakaloamua kila kitu wakilingana pointi. Anza na mechi iliyo mbele yako na uigawe kwa matokeo.

Yanga akifungwa, anabaki 5 na Belouizdad anafika 8. Hata akishinda Cairo atafika 8 tu, na amefungwa na Belouizdad mara mbili. Ametoka.

Wakitoka sare, wote wana 6. Hapa wengi walisema Yanga ataomba dua Belouizdad asishinde. Si kweli kabisa. Yanga akishinda Cairo anafika 9, sawa na Al Ahly. Belouizdad akimfunga Medeama naye anafika 9. Zimelingana tatu, kwa hiyo rudi kwenye msimamo mdogo. Belouizdad ana ushindi mmoja na sare moja na Yanga, na sare mbili na Al Ahly, jumla 6. Yanga ana sare na Belouizdad, sare ya 1-1 na Al Ahly ya Dar es Salaam, na ushindi wa Cairo, jumla 5. Al Ahly ana sare tatu tu, 3. Belouizdad na Yanga wanapita, Al Ahly anatoka. Safari hii wa tatu angewasaidia. Kwa hiyo baada ya sare, ushindi Cairo ungetosha bila kumtegemea mtu. Sare Cairo ingewafikisha 7, na hapo kweli wangehitaji Belouizdad afungwe na Medeama kwao.

Yanga akishinda kwa bao moja au mawili, ana 8 na Belouizdad 5. Medeama hawezi kuzidi 7, ametoka kwenye hesabu. Belouizdad kilele chake ni 8, na wakilingana yeye anakaa juu kwa jumla ya mabao ya mechi zao. Weka kwenye fomula: 5 + 3 - 8 + 1, inakuwa 1. Pointi moja Cairo, au Belouizdad asimfunge Medeama.

Akishinda kwa mabao matatu, mechi zao mbili zimelingana kwa pointi na kwa mabao. Hapo hesabu inaingia kwenye vigezo vya chini zaidi vya kanuni, na hata 3-0 na 4-1 si kitu kimoja tena pale kigezo cha goli la ugenini kinapohusika. Matokeo haya yaandike pembeni kwa alama ya kuuliza na ufungue kitabu cha kanuni. Usibahatishe.

Akishinda kwa manne, wakilingana yeye ndiye wa juu. Ile moja ya mwisho kwenye fomula inaondoka: 5 + 3 - 8, sifuri. Amefuzu siku hiyohiyo na mechi ya Cairo haina madhara tena.

Kwa hiyo aliyeingia uwanjani na karatasi hii alijua kwamba ushindi wenyewe haukuwa mwisho wa kazi. Mudathir Yahya akafunga la kwanza. Kipindi cha pili kilipoanza Aziz Ki akaongeza, na Kennedy Musonda akafunga la tatu. Kwa mtazamaji wa kawaida mechi ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu ilikuwa imefika tu kwenye ile alama ya kuuliza, na bao moja la Belouizdad lingemrudisha Yanga kwenye kuhitaji pointi Cairo. Zikiwa zimebaki dakika chache Joseph Guede akafunga la nne.

Wiki iliyofuata Yanga alifungwa 1-0 Cairo, na Belouizdad akampiga Medeama 3-0. Wote wawili wakamaliza na pointi 8. Yanga akaenda robo fainali kwa jumla ya mabao 4-3.